Mjomba, Simu na Milioni Mbili za Mwisho

Nyumbani kwetu Mwanza, Toyota IST ilinunuliwa na watu wanne, na kati yao mmoja tu ndiye aliyeiona. Baba Asha alikuwa na hela. Mimi nilikuwa na daftari. Mama mkwe alikuwa na mashaka, kama kawaida yake. Macho yalikuwa ya Mjomba, mwalimu mstaafu anayeishi Tabata, Dar es Salaam, mtu ambaye hajawahi kula shilingi ya mwenzake. Kumchagua hakukuwa na mjadala. Kilichotusumbua baadaye ni kwamba uaminifu wa hela ni kitu kimoja, na kumbana muuzaji macho kwa macho ni kitu kingine.

Gari la kwanza lilikuwa Sinza. Tulimwomba Mjomba awahi asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, maana ugonjwa mwingi wa injini hujificha ikishapata moto. Akapiga simu ya video saa moja kamili, na kwa muda tukaangalia paji la uso wake. Asha ndiye aliyemwelekeza ageuze kamera. Boneti likafunguliwa, injini ikawashwa, na sote sebuleni tukasikia mngurumo laini usio na kasoro. Baba Asha akaanza kutabasamu.

Jirani yetu ni fundi wa magari, na alikuwa amekuja kwa chai. Akasema sauti ile haina maana. Programu ya simu imetengenezwa ipitishe maneno ya mtu. Mlio wowote wa mfululizo inauhesabu kuwa kelele na kuufifisha. Injini yenye kugonga inaweza kusikika kama nzima. Akamtaka Mjomba azime, asubiri kidogo, kisha arekodi kwa kamera ya simu yenyewe: nusu dakika karibu na injini, nusu dakika nyuma kwenye ekzosi, halafu atume kwenye WhatsApp kama dokumenti ili isibanwe. Rekodi ilipofika tukasikia "ko, ko, ko" ya chuma kwa chuma, na moshi wa buluu ukaonekana ukitoka. Moshi wa namna hiyo ni oili inayoungua ndani ya injini.

"Mjomba, boneti lilikuwa la moto ulipofika?" nikamuuliza.

"Lilikuwa na uvuguvugu, mwanangu. Nikadhani ni jua."

Jua la saa moja asubuhi! Muuzaji alikuwa ameshaipasha injini kabla mgeni hajafika.

Tangu hapo kila video ikawa na kazi yake. Simu ya moja kwa moja ilikuwa ya kuthibitisha kwamba gari lipo, leo, mbele ya Mjomba. Anaanzia kwenye namba za usajili, anatembea bila kukata simu hadi kwenye kibati cha namba ya chasesi, na anaizunguka bodi polepole. Rekodi ilikuwa ya sauti na moshi. Harufu na joto havipiti kwenye simu, kwa hiyo hivyo tulimwachia pua na kiganja chake.

Gari la pili, Kimara, lilitupa somo lingine. Mjomba alirudi na furaha: "Dashibodi safi kabisa, hakuna hata taa moja ya injini." Fundi akamwomba arudie. Ufunguo ukizungushwa bila kuwasha gari, taa ya oili, ya betri na ya injini zinapaswa kuwaka zote, kisha zizime injini ikishanguruma. Mjomba akazungusha ufunguo mbele ya kamera. Ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya injini ikabaki giza. Taa isiyowaka wakati wake huenda imeng'olewa au imezibwa ili isiseme inachokijua.

Mjomba alikuwa ameiona kasoro hiyo mwanzoni, maana orodha ya ukaguzi tuliyomwandikia alikuwa nayo mfukoni. Ila muuzaji alimkaribisha chai na maandazi, akamwita "Mwalimu", akamsimulia habari za watoto wake shuleni. Mjomba akaona haya kuhoji taa baada ya maandazi.

Hapo ndipo tulipogawana kazi upya. Mjomba abaki mpole, na ukali utoke Mwanza. Kila swali gumu alitakiwa kulianza kwa "mwenye hela anasema," kisha aweke simu kwenye spika. Baba Asha alijaribu kuwa mkali, sauti ikamwishia kooni. Mama mkwe akampokonya simu, na kuanzia siku hiyo wauzaji wa Dar wakamjua mwenye hela kuwa ni mwanamke mzee asiyependa hadithi.

Gari la tatu lilikuwa Mbezi. Rekodi ilikuwa safi, taa zote ziliwaka na kuzima kwa zamu yake, na fundi wa Gerezani tuliyemlipa wenyewe aliinama chini yake akainuka bila lawama. Mjomba alipoanza kutusomea namba ya chasesi, Asha akamkatiza: "Babu, unasoma kadi. Tuonyeshe chuma." Akaonyesha chuma, tukalinganisha herufi moja moja kuanzia NCP60 hadi tarakimu ya mwisho. Zikalingana. Lakini kadi aliyoshika ilikuwa nakala. Kadi halisi, muuzaji alisema, iko kwa dada yake Morogoro.

Mama mkwe akauliza ilikopeshewa shilingi ngapi. Kimya. Kumbe kadi ilikuwa imewekwa rehani kwa mkopeshaji, na muuzaji alitaka hela yetu ndiyo ikaikomboe. Pengine hakuwa na nia mbaya, ila angechelewa kulipa, sisi tungekuwa na gari lisiloweza kuhamishwa jina.

Tukakubaliana milioni 12 kwa mafungu. Laki tano ya kwanza ilikuwa arbuni, kwa maandishi, yenye sharti la kurudishwa kadi halisi isipopatikana au jina lisipolingana na kitambulisho chake. Deni alilikomboa kwa njia zake. Milioni 9 na nusu zikaenda siku ya kusaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kadi halisi ikiwa mezani na simu ya video ikiwa wazi. Asubuhi hiyo muuzaji aliomba tutume kwenye akaunti ya kaka yake kwa sababu benki yake inasumbua. Mwenye hela akasema atasubiri isumbue hadi ichoke. Mchana benki ikapona, na hela ikaingia kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Faini ya barabarani ya 30,000 tuliyoikuta kwa kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, aliilipa mwenyewe.

Milioni 2 tukazishikilia hadi TRA wakamilishe uhamisho kwa jina langu. Muuzaji akalalamika, na alikuwa na haki: gari mnachukua, hela yangu mnabaki nayo? Suluhu ilikuwa ya pande mbili. Gari lilale uani kwa Mjomba bila kutembea, na ufunguo wa pili ubaki kwa muuzaji. Kila upande ukawa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na kweli ushuru wa stempu tulipoulipa, yeye ndiye aliyekuwa akituuliza kila asubuhi kadi mpya itatoka lini.

Katikati ya kusubiri huko, Baba Asha alipendekeza hizo milioni 2 zitumwe kwa Mjomba azishike, zikae karibu na kazi. Mjomba ndiye aliyekataa.

"Msinitumie," alisema. "Yule bwana ni mstaarabu sana. Akija kuniomba na maandazi, nitampa."