Mahari: Ukumbi wa Jamii

Kadi zilitoka nzuri: karatasi ngumu, maua ya dhahabu pembeni, majina ya maharusi kwa mwandiko wa madaha. Chini ya majina pakaandikwa hivi: "Mahari: Ukumbi wa Jamii, nyuma ya soko. Muda: saa 12 jioni." Baba mdogo, aliyeongoza ujumbe wa posa, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Sisi tulikubaliana ng'ombe," akasema. "Huu ukumbi kauongeza nani?"

"Baba, hilo ni kosa la steshenari tu," katibu wa kamati akajitetea.

"Kwa hiyo siku hizi steshenari ndiyo inapandisha mahari?"

Mweka hazina akakataa katakata kuchapa upya, tukaamua kusahihisha kwa mkono. Usiku ule katibu akatuma ujumbe kwenye kundi: "Kesho kila mjumbe aje na karamu yake." Shangazi mmoja akajibu kwamba yeye yuko tayari, ila aambiwe ni pilau au biriani.

Tuelewane mapema: penye maana ya sehemu ni mahali, kwa l, wala hapana mjadala. Mahari ni mali anayotoa mwoaji. Maneno yote mawili yametoka Uarabuni, lakini kwa milango tofauti. Mahali limetokana na mahall, pa kufikia na kutua. Mahari limetokana na mahr. Waarabu hawawezi kuyachanganya, maana hata h zao ni mbili: ya mahall hutoka kooni kwa mkwaruzo, ya mahr ni laini. Sisi tulipoyapokea tukazifanya h hizo kuwa moja, tukaongeza irabu, na tofauti yote ikabaki kuning'inia kwenye herufi moja. Tena herufi yenyewe ndiyo hiyo inayotutesa.

Ukibabaika, sikiliza neno linalofuata. Mahali huvuta pa: mahali pazuri, mahali hapa pamejaa. Mahari huvuta ya au i: mahari yake, mahari imelipwa. Ukisikia "mahari pazuri", ujue mtu anatafuta kiti, hatafuti mke. Na ukiwa na shaka bado, mkumbuke mtu wa pwani anayesema mahala au pahala. Hakuna aliyewahi kutoa mahara.

Sasa kwa nini l na r? Kwa sababu kwa wengi wetu, katika lugha ya mama, sauti hizo hazikuwa mbili. Alfabeti ya Kikuyu haina l kabisa. Kiganda kinazo zote, ila hazitenganishi maana. Zinapokezana zamu tu: r husikika baada ya e na i, kwingineko l. Ndiyo maana neno lao la moto, omuliro, lina l na r kwa pamoja na hakuna anayebabaika. Mtoto aliyekulia humo sikio lake limefunzwa kupuuza tofauti hiyo, kisha anakuja darasani anachapwa kwa kuipuuza.

Na Kiswahili chenyewe kisijitie utakatifu. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Mti mrefu, kamba ndefu. Hapo l na r zote, zikitanguliwa na n, zimegeuka d ile ile, bila kuulizana. Ni sauti za jirani: zote hutengenezwa kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi. Kwenye l ncha inatulia na hewa inapita ubavuni; kwenye r inagonga na kuondoka. Baina ya kutulia na kugonga hapana umbali wa kumlaumu mtu.

Kinachonichekesha zaidi ni wanaojirekebisha. Mtu akishachekwa kwa r zake, anaziogopa zote, hata zilizo halali. Ndipo unapomsikia mshereheshaji akitangaza kwamba maharusi ni "fahali" ya ukoo, bwana harusi akitazama chini asijue kama amesifiwa au amepelekwa zizini.

Mara nyingi maana hujiokoa yenyewe. Anayesema "nimekura" hakuna anayedhani ametoka kituo cha uchaguzi. Lakini kadi haina uso wala mikono ya kujieleza, na neno likikaa peke yake mbele ya nukta mbili halina jirani wa kulitetea. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipewa kazi ya kukagua kadi ya harusi, usikague na mtu wa kwenu. Mtasikia sawa, mtakosea sawa, na mtasaini. Tafuta mtu wa lugha nyingine, mpe kadi aisome kwa sauti, kabla hujamlipa mchapaji.