Zimebaki Siku Tatu, Tangu Lini?

Tangazo la “zimebaki siku 3” huharibika upesi kuliko ndizi mbivu, na watu wa Kinole wanazijua ndizi. Tuseme duka jipya la vifaa vya ujenzi litafunguliwa Jumamosi. Jumatano mwenye duka anaweka picha yenye tarakimu 3 kubwa kama geti, bila tarehe. Kwenye stetasi ya WhatsApp picha hiyo hufutika baada ya saa 24, lakini shemeji yake keshaituma kwenye grupu la ukoo, na huko haifi. Mkulima wa pilipili manga aliyeshinda bondeni, ambako Uluguru imeuziba mtandao, anapanda kilimani Ijumaa jioni na simu inatapika yote kwa pamoja: siku 5, siku 4, siku 3. Anaamini ya mwisho. Jumatatu anashuka na pesa mkononi kuhudhuria ufunguzi, anakuta maturubai yameshakunjwa na soda zimeisha. Hesabu yake haina kosa hata kidogo. Kumbe kila picha ingeandikwa “Jumamosi, saa 2 asubuhi” na tarehe yake, ingesomwa siku yoyote bila kumpoteza mtu.

Watasema hamu hujengwa kwa fumbo: ukitaja kila kitu mapema, nani atakuja? Hoja hiyo inafaa kwa muziki. Anayeezeka nyumba hanunui kwa mshangao. Anataka kujua bati ni geji 28 au 30, maana namba ikipanda bati huwa jembamba, na geji 30 inayouzwa kwa bei ya 28 ni fumbo asilolihitaji. Kwa hiyo wiki ya mwisho ihesabu mzigo. Jumatatu nondo zimeshuka, ipigwe picha zikiwa zimelala dukani, unene na bei vikionekana. Jumanne misumari. Lori likikwama kwenye matope, lisemwe limekwama. Wenyeji wa barabara ya Kinole watasikitika lakini hawatashangaa.

Saruji ije mwishoni, hata kama mlima wa mifuko ya kilo 50 unapendeza pichani. Mvua za huku hazina masihara, na mfuko uliorundikwa sakafuni umeegemea ukuta hunyonya unyevu ukisubiri mgeni rasmi. Uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mnunuzi mjanja ataufinya: bonge likivunjika kwa vidole, pengine ni mgandamizo tu wa kurundikwa, likigoma, hiyo si saruji tena, ni jiwe lenye nembo.

Na Ijumaa, badala ya “KESHO NDIYO KESHO” yenye alama 9 za mshangao, itajwe kama duka lina gari la kupeleka mzigo na nauli yake hadi vitongoji vya juu. Bati la futi 10 halipandi bodaboda, ingawa wapo wanaojaribu, na upepo ukivuma huwa haieleweki nani anambeba nani.