Mheshimiwa Mkurugenzi, Karibu Kijiweni Uzungushe Bonasi Yako

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: BONASI YA KUKARIBISHA YA ASILIMIA 100

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza nakuamkia, shikamoo. Pili nakushukuru kwa ukarimu wako. Niliweka 10,000, ukaniongezea 10,000 nyingine, salio likasoma 20,000. Nilipotaka kutoa, simu ikanijibu kwamba bonasi haijakamilisha mzunguko. Mzunguko wenyewe ni mara 10 ya amana pamoja na bonasi, ndani ya siku 30, kwa mikeka ya mechi tatu au zaidi. Nikitoa pesa kabla ya hapo, bonasi na ushindi wake vinafutwa.

Nina maombi machache, mheshimiwa. Maneno “vigezo na masharti kuzingatiwa” yaandikwe kwa herufi kubwa kama za ile asilimia 100. Neno “bure” lipewe likizo bila malipo. Yule msomaji wa tangazo la redio anayeyamaliza masharti kwa pumzi moja apelekwe hospitali, huenda anakimbizwa na kitu.

Ombi langu kubwa ni hili: njoo uzungushe bonasi yako mwenyewe, hadharani, kijiweni kwetu. Tumeshaandaa kila kitu. Utakalia kiti cha plastiki chenye miguu yote minne. Chai na chapati utachukua kwa mama lishe, kwa pesa yako. Kijana wa bodaboda atashika chaki na ubao. Juu ataandika 20,000, salio lako. Chini yake ataandika 20,000 mara 10, yaani 200,000, dau zima unalodaiwa. Kama masharti yako yangesema mara 10 ya bonasi peke yake, ungedaiwa 100,000. Kwa kulitia neno “amana” umeuongeza mzigo mara mbili.

Tukupunguzie makali: utaweka 2,000 kwa kila mkeka. Hiyo ni mikeka 100 kwa siku 30, zaidi ya mitatu kila siku, Jumatatu zisizo na mpira zikiwemo. Mechi tutakuchagulia zilizo sawa kwa sawa, kama kurusha sarafu. Odi ya haki hapo ni 2.00, lakini wewe huandika 1.88 kila upande, na hiyo tofauti ndiyo chakula chako. Tatu kwa pamoja zinakupa odi 6.64, wakati za haki zingekupa 8.

Kwa wastani mkeka mmoja kati ya minane utakubali. Minane itakugharimu 16,000, na huo mmoja utalipa 13,280. Kijana atafuta 2,720 ubaoni, mheshimiwa, kisha utaagiza chai nyingine. Kwa mwendo huo, ukifika mkeka wa 56 utakuwa na 960 mkononi, haitoshi hata mkeka mmoja. Dau ulilokwisha kuzungusha ni 112,000. Bado unadaiwa 88,000. Wapo watakaobahatika mapema na kuvuka, nao ndio mtakaowapiga picha.

Usiseme tumekuonea kwa mikeka ya mechi tatu. Tukikuruhusu mechi mojamoja kwa odi ileile, kila 100 inarudisha 94. Kwenye 200,000 utapoteza 12,000 kwa wastani, na utaondoka kijiweni na 8,000. Ulikuja na 10,000 yako.

Nanyi mnaijua hesabu hii. Mmeajiri watu wa kuipiga, mnawalipa vizuri, wanakaa kwenye kiyoyozi. Kijana aliyeweka pesa ya mafuta ya pikipiki hamkumpigia. Mmemwonyesha 20,000 ambayo hawezi kuigusa, mkaiita zawadi, na akilalamika mnamtumia kiungo cha kurasa za masharti. Huo ni wizi wenye risiti.

Naomba radhi, mheshimiwa. Hii ni barua ya heshima. Nilitaka tu kuongeza kwamba mkeka uliouza kabla mechi haijaisha hautahesabiwa ubaoni, wala mechi iliyofutwa, wala odi iliyo chini ya kiwango ulichoweka. Masharti ni yako, sisi tunayatii.

Kwako msomaji uliyesimama nyuma ya kiti cha mkurugenzi: kabla ya kubonyeza “kubali”, tafuta mambo mawili, ni mara ngapi, na ni mara ngapi ya nini. Zidisha upate dau zima, kisha lipigie asilimia 6 kwa mechi mojamoja, au 17 kwa mikeka ya mechi tatu. Jibu likizidi bonasi yenyewe, ikatae kama wanakuruhusu kuikataa, na kama hawakuruhusu, usiweke pesa.

Wako katika ujenzi wa jengo lenu jipya,
Mteja aliyekaribishwa