Sauti ya Baba Mwenye Nyumba

Hata sasa ninapoandika maneno haya masikio yangu yana moto, kwa kuwa fedheha iliyonipata juzi kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Ilala, mbele ya jirani wa chini, jirani wa juu, na fundi bomba aliyekuja kwa shughuli za watu wengine, si fedheha ya kupoa kwa usiku mmoja. Nilimkabili baba mwenye nyumba kwa taadhima yote, nikamwamkia, nikamkumbusha kwamba tulikwisha kukubaliana juu ya dari ya bafu langu, naye akanitazama kwa upole wa mtu asiyedaiwa na yeyote duniani, akasema, "Mwanangu, hilo mimi silikumbuki." Nikacheka kicheko cha mwenye ushahidi mfukoni. Nikatoa simu, nikafungua mazungumzo yetu ya WhatsApp, nikaiinua ili hadhara yote ione, nayo hadhara ikasogea, ikasoma. Dari haikuwamo. Bomba halikuwamo. Zilikuwamo salamu zangu za Idi, taarifa yangu ya tangu mwezi Machi kwamba kodi ya miezi 6 nimekwisha kuituma, jibu lake la "Nimepata", na chini kabisa tangazo dogo kwamba mwenzangu amewasha ujumbe wa kutoweka, na kwamba yote yatakayosemwa baada ya hapo yatafutika kila yatimizapo siku 7. Jirani wa chini, ambaye huruma zake haziombwi, akasema, "Kumbe kodi analipa vizuri."

Nilipojifungia ndani niliichunguza hila hii, na kadiri nilivyoichunguza ndivyo nilivyozidi kuistaajabia. Katika mazungumzo ya watu wawili, yeyote kati yao aweza kuiwasha bila ya kutaka idhini ya mwenziwe, akachagua muda wa saa 24, siku 7 au siku 90. Na tangu hapo kila neno, kila picha na kila sauti huzaliwa ikiwa imekwisha kuandikiwa siku ya kufa kwake. Yaliyotangulia hayaguswi, na ndiyo sababu kodi yangu ilisalia imara ilhali dari yangu ilikwenda na maji. Ipo njia ya kuuzuia ujumbe usitoweke, walakini akizuia aliyeupokea, aliyeutuma hupewa habari, naye ana haki ya kukataa, na akikataa neno lake ndilo la mwisho. Yaani shahidi hawezi kubaki barazani mpaka mshitakiwa aridhie. Mzee asema ni mjukuu wake aliyeiwasha ili simu isijae, nami namsadiki, maana simu yake kweli hujaa, na inayoijaza ni sauti yake mwenyewe.

Maana baba mwenye nyumba haandiki zaidi ya neno moja, hunena. Hunitumia sauti ndefu zenye mpangilio usiobadilika: kwanza salamu na hali ya goti lake, kisha habari za mikorosho yake ya Mkuranga na wezi wa korosho, kisha, katikati ya kikohozi na honi ya bajaji, "na lile la bafu Jumamosi nitakuletea fundi, hiyo juu yangu," halafu korosho tena. Hata kama sauti ile ingalikuwapo, mtu angelazimika kuisikiliza yote mbele ya majirani ili kuifikia ahadi yenye urefu wa pumzi moja, na baada ya kuifikia angeulizwa: Jumamosi ipi? Bafu lipi? "Juu yangu" maana yake fedha, au maana yake bomba liko ghorofa ya juu?

Hapa ndipo kicheko kinaponitoka. Yaliyo juu yangu mimi yote yameandikwa: mkataba una kurasa, una mhuri wa wakili, una mashahidi wawili, na umetaja siku ya kulipa, kiasi cha kulipa, hata idadi ya misumari ninayoruhusiwa kupigilia ukutani. Yaliyo juu yake yamewekwa hewani. Na sheria haikumwacha huru hivyo, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, humtwika mwenye kupangisha sehemu ya jengo jukumu la kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haikatai ujumbe wa simu kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa simu. Lakini ushahidi sharti uwepo kwanza.

Basi niliketi nikaandika haya, nakala mbili:

"Ilala, 5 Juni 2025. Shikamoo Mzee. Naandika tuliyokubaliana kwa simu Jumanne, 27 Mei, ili sote tuwe nayo. Kwanza, maji yanayodondoka kutoka dari ya bafu langu, upande wa dirisha, kila wa juu wanapooga: utaleta fundi Jumamosi, 14 Juni, kwa gharama yako. Pili, swichi ya jikoni inayotoa cheche: fundi umeme siku hiyohiyo, kwa gharama yako. Tatu, kitasa cha mlango wa mbele: nitanunua mimi, nikuletee risiti, nawe utapunguza fedha hizo katika kodi ijayo. Ikiwa nimekosea popote, tafadhali nisahihishe kabla ya Jumatano, 11 Juni. Wako, mpangaji wa ghorofa ya kwanza."

Rasimu yangu ya awali ilikuwa ndefu kuliko hiyo, na ilikuwa na neno "dhuluma". Nililiondoa, si kwa hisani, bali kwa sababu mzee angelijibu neno hilo peke yake na kuiacha dari. Hati ya namna hii haishitaki. Husema nini, wapi, nani, lini na kwa fedha ya nani, kisha hunyamaza. Maneno "kila wa juu wanapooga" huenda yakaonekana ya kupita, lakini fundi yule wa ngazini, aliyenionea haya, ndiye aliyeniambia kwamba ndiyo yenye thamani kuliko yote: bomba la kuleta maji likipasuka hudondosha mchana na usiku, kwa kuwa maji yamo ndani yake kwa nguvu wakati wote yasipokatika mjini, bali dari ikilia wakati wa kuoga tu, ubovu uko kwenye bomba la kutoa maji machafu au pale linapoungana na sakafu ya juu, na fundi ataijia kazi hiyo kwa vifaa vingine na bei nyingine. Na ile siku ya kusahihishwa niliiweka kwa makusudi. Kimya hakigeuki saini, lakini humnyima mtu uso wa kusema baadaye kwamba hakupata kusikia.

Nilimpelekea mwenyewe, nikamwomba aandike "Nimepokea" kwenye nakala yangu. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akaguna. "Umeniandikia kama tuko mahakamani," akasema. Kisha akasoma tena, akakunja uso kama mtu aliyesingiziwa. "Na hapa umekosea. Mimi nilisema Jumamosi, sikusema Jumamosi hii." Akachukua kalamu, akaikata 14, akaandika 21, akatia saini pembeni ili pasiwe na shaka, na hivyo yule asiyekumbuka dari akawa anaikumbuka mpaka tarehe yake.

Cheche alizikubali bila neno. Kitasa alikipiga mstari, na hicho tunaendelea kukizungumza kwa mdomo.