Namna ya Kusoma Sana na Kusahau Vizuri

Mtahiniwa wa mtaa wa Tudor anayetaka kufeli kwa heshima asithubutu kuacha kusoma. Kuacha kusoma ni ushamba: mama ataona na majirani watasema. Njia ya kistaarabu ni kuusoma ukurasa uleule mara nne. Keti barazani, upepo wa hori ukupepee, fungua kitabu cha Historia kwenye habari za Wareno, usome huku ukipaka rangi ya manjano kila sentensi muhimu. Zote zitaonekana muhimu, kwa hiyo ukurasa mzima utang'aa. Kufikia mara ya tatu utaanza kutikisa kichwa: "Aa, hii naijua." Ya nne ni ya kuringa tu. Funga kitabu, ukalale.

Kweli unaijua, kama unavyomjua yule muuza mahamri wa asubuhi. Ukimwona unamtambua; ukiulizwa jina lake, unatazama juu. Na karatasi ya KCSE haikuonyeshi uso. Inauliza jina.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio la jambo hilihili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, kisha kwa vipindi vitatu likaandika lilichokumbuka bila kukitazama tena. Dakika tano baadaye, waliosoma vipindi vinne waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi ya kifungu, na wenzao 61. Basi mbinu yetu ya barazani haina kasoro, ilimradi Baraza la Mitihani likubali kukuletea karatasi hapo hapo Tudor, dakika tano baada ya kufunga kitabu.

Likikataa, itabidi ufanye ile mbinu isiyopendeza. Tuijaribu sasa hivi.

Swali: eleza sababu za kuanguka kwa utawala wa Wareno pwani ya Afrika Mashariki. Soma nusu ukurasa, mara moja, polepole. Funga kitabu ukakiweke chumba kingine. Usikipakate, kitabu kilichopakatwa hujifungua chenyewe. Andika swali juu ya karatasi tupu, ujipe dakika tano.

Dakika ya kwanza haitakuja kitu. Utakumbuka Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593, jambo ambalo hukuulizwa, na soda uliyokunywa mlipopelekwa huko na shule. Usiinuke. Kule kutafuta kichwani ndiyo kazi yenyewe. Kusoma kulikuwa maandalizi tu. Kisha zitaanza kudondoka: Waomani waliwasaidia wenyeji. Magonjwa. Ureno ilikuwa na watu wachache. Mbali. Kalamu inasimama.

Sasa lete kitabu na kalamu nyekundu, na uwe mkali kuliko mwalimu wako. "Mbali" si jibu, ni malalamiko ya abiria. Mbali na nini, na kukatokea nini? Msaada wa Wareno ulitegemea merikebu za kutoka Goa, nazo zilingoja pepo za msimu. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kikosi cha mwisho cha kuwaokoa Wareno kilifika ngome imeshatekwa. Andika hivyo. Kisha angalia ulichoacha kabisa: ushindani wa Waholanzi na Waingereza, na Ureno yenyewe kuwa chini ya mfalme wa Uhispania kuanzia 1580 hadi 1640.

Soma nyekundu tu. Funga tena, ugeuze karatasi, uandike jibu zima upya, pamoja na zile hoja ulizopata mwanzo. Hapa wengi huiba: huandika zilizowashinda tu, wakidhani zilizokubali mara moja zimeshahamia kichwani kwa kudumu. Kesho, kabla ya kugusa kitabu, karatasi tupu tena. Halafu baada ya siku tatu. Na kwa kuwa karatasi ya Historia huja kwa Kiingereza, majibu ya barazani nayo yawe kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Kuna mahali mbinu hii hugonga ukuta. Kama hesabu za moli hukuzielewa darasani, kufunga kitabu kutakupa karatasi nyeupe na usingizi. Hizo mwone mwalimu kwanza, akufungue kichwa, ndipo ufunge kitabu.

Matatizo yatatoka jikoni.

"We mwana, mbona kitabu kimefungwa?"

"Nasoma, mama."

"Wasoma nini, dari?"

Usibishane na mama, wala usimtajie asilimia za Wamarekani. Mpe karatasi mbili, ya leo na ya siku tatu zilizopita, azihesabu nyekundu mwenyewe. Akikuta zimelingana, rudisha ile kalamu ya manjano mkononi upesi, utikise kichwa.