Mbuzi Aliyeondoka Kabla ya Muhuri

Paliondokea mbuzi mmoja mjane katika ufalme wa kando ya ziwa Kivu, pale Sake ambapo njia itokayo Goma hugawanyika, mkono mmoja ukipanda Masisi na mwingine ukifuata maji kuelekea Minova. Ardhi ya huko ni ya volkeno, na mabondeni mwake hujikusanya mazuku, hewa isiyoonekana, nzito kuliko hewa tuivutayo, ambayo usiku usio na upepo hutulia chini kama maji birikani na kumuua alalaye humo.

Wanyama wakaitisha mafunzo ya siku tatu juu ya mazuku, ya kumalizika kwa cheti, Bundi akawa mwalimu. Siku ya kwanza walifundishwa kwamba mrefu aweza kupita salama pale mfupi anapoanguka. Ya pili, kwamba aliyeanguka hafuatwi shimoni, maana mwokozi huwa maiti wa pili, bali huvutwa kwa kamba na aliyesimama juu penye upepo. Mbuzi alisikiliza. Fisi alilala fofofo, akiamka jioni tu kutia alama ya unyayo daftarini.

Alfajiri ya siku ya tatu, kabla ya somo la kuzungushia mabonde uzio, Kunguru akaleta mbiu: mtoto wa jirani ameanguka bondeni. Mbuzi akamuaga Kobe, karani, akaondoka mbio. Hakushuka. Yeye na Nyani walirusha kitanzi kutoka ukingoni, wakamvuta mtoto hadi penye upepo, naye akapumua.

Kesho yake akasimama mbele ya mwalimu. “Mzee Bundi, niliitwa jana alfajiri, Kobe nilimuaga, na Kunguru ni shahidi. Somo la uzio sikulisikia, wala sidai nililisikia. Nifundishwe, kisha niulizwe. Nikishindwa, nirudi mikono mitupu. Na kama kanuni inakataa hata hilo, basi niandikieni kwamba nilihudhuria siku mbili.”

Bundi akafungua daftari, akahesabu alama, akazihesabu tena. Cheti hutaka tatu, akasema, na hapa zipo mbili. Akauliza kama mtoto wa jirani huhesabiwa kuwa dharura, au wa kuzaa tu. Akataka mbiu ya Kunguru iletwe kwa maandishi, nayo iwe imeandikwa kabla mtoto hajaanguka, ili mafunzo yapangwe upya kwa wakati. Kikao kikaitishwa, kikaahirishwa, kikaitishwa tena. Juu ya mazuku halikuulizwa hata swali moja.

Fisi, mwenye alama tatu, alivishwa cheti shingoni, akateuliwa mlinzi wa mabonde. Asubuhi ya kwanza ya kazi yake aliuona mzoga chini, akamwuliza Mbuzi aliyekuwa akipita kama kuna ubaya kuushukia. Mbuzi akamzuia.

Enyi mlioshika mihuri, ombi la Mbuzi lingali mezani kwenu: mfundisheni somo la uzio, mumwulize, kisha mwandikieni anachostahili.