Alfajiri ya Nyuzi 15

Bwana mmoja wa Temeke kapakua programu ya kumkumbusha swala, na cha kwanza kukijua ni mipangilio. Alfajiri huhesabiwa kwa nyuzi za jua lililo chini ya upeo wa macho: Rabita ya Makka hutumia 18, hesabu iliyozoeleka Amerika Kaskazini ni 15. Huku kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ni kama dakika 4. Basi mtu wa Temeke kachagua Amerika Kaskazini. Muadhini wa mtaani akianza, yeye bado ana dakika 12 za kukoroma kwa mujibu wa sayansi.

Simu ikilia, mkono unachomoza kwenye shuka, unabonyeza tiki, unarudi ndani. Programu haina macho. Inahesabu vidole, si rakaa. Juzi imempongeza kwa siku 40 mfululizo, naye pongezi kazituma kwenye kundi la ukoo. Mashangazi wakamiminika na mashaallah zao. Mkewe kauliza tu: “Baba Zuhura, na udhu ulitia humohumo kitandani?”